Kioo cha A51 kwenye picha: mwanga, rula, flekisi na kingo

*"Kaka fundi, habari za kazi. Nipo Morogoro, simu yangu ya Galaxy A51 imepasuka kioo. Wauzaji watatu wa Kariakoo wamenitumia picha kwa WhatsApp na kila mmoja anasema chake ni 'original'. Wa kwanza anataka 65,000, wa pili 110,000, wa tatu 175,000. Nitajuaje nani anasema kweli kabla sijatuma hela?"*

Dada yangu, nzuri, na pole kwa kioo. Nimeziangalia picha zako zote, nitazirudia mwishoni. Kwanza nikueleze kinachouzwa, maana neno "original" pale mtaani linabeba vitu vinne tofauti, na ndiyo maana bei zinapishana hivyo.

A51 ilitoka kiwandani na kioo cha AMOLED, yaani kila nukta ya picha inawaka yenyewe. Cha kwanza kinachouzwa badala yake ni TFT. Hiki kina taa ya nyuma inayowaka muda wote, kimetengenezwa na kampuni nyingine kwa umbo la A51 tu. Cha pili ni OLED ya kopi: nukta zinawaka zenyewe kama za kwako, lakini si ya Samsung, na mara nyingi eneo linalowaka ni dogo kidogo. Cha tatu ni kioo halisi kilichovuliwa kwenye simu nyingine, kikabanduliwa glasi iliyopasuka na kubandikwa glasi mpya. Cha nne ni kile tunachokiita sevisi paki, kioo kipya cha Samsung kinachokuja na fremu yake kwa ajili ya vituo vya matengenezo.

Watu wanakosea pale wanapotafuta alama moja itakayowapa jibu lote. Haipo. Mwanga unakutenganishia TFT na wengine, basi. Rula na flekisi, ule utepe unaokiunganisha kioo na ubao wa simu, zinakutenganishia kopi ya OLED na kioo cha Samsung. Kingo zinakuonyesha kama kioo cha Samsung kimeshafunguliwa au bado. Ukichukua jibu la alama moja ukalitumia kwa swali la nyingine, utaibiwa huku unaamini umekagua.

Tuanze na mwanga, maana unaondoa kopi nyingi kwa picha moja.

Picha uliyotumiwa na yule wa kwanza, ya kioo kinachowaka chini ya taa kali za dukani, haina inachothibitisha. Kwenye mwanga mkali weusi wa TFT na weusi wa AMOLED unafanana, kwa sababu kinachofika kwenye kamera ni mwanga wa taa za duka uliogonga glasi ukarudi. Na zile rangi zilizokolea anazokusifia usizihesabu, kwani kamera ya simu inakoleza rangi yenyewe bila kuulizwa.

Picha unayotakiwa kuiomba ni hii. Mtengenezee picha nyeusi tii yenye nukta moja ndogo nyeupe kwenye kona, umtumie. Aifungue kwenye simu iliyounganishwa na kioo anachokuuzia, aijaze kioo kizima, apandishe mwanga wa simu hadi mwisho, azime taa za chumba au aingie chini ya meza, kisha apige picha kwa simu nyingine. Nukta nyeupe ina kazi yake: inakuthibitishia kwamba simu imewaka. Nimeshatumiwa picha ya kioo "cheusi kabisa" kumbe simu ilikuwa imezimwa.

Kuna jambo moja hapo linawachanganya wengi. Kamera ikiwekwa gizani inajaribu kuona kwa nguvu, hivyo picha nzima inakuwa na chenga za kijivu, hata kama kioo ni halisi. Kwa hiyo usijiulize "hapa ni kijivu au cheusi?" Tafuta mpaka. Kioo cha simu kina ukingo mweusi usiowaka kamwe, ule wa pembeni unaozunguka eneo la picha. Kwenye AMOLED, picha nyeusi ikifunguliwa nukta zote zimezimwa, kwa hiyo eneo la picha na ukingo vinakuwa kitu kimoja na huwezi kusema kimoja kimeishia wapi. Kwenye TFT utaliona pembenne limechoreka, jeupe kidogo au la rangi ya samawati iliyofifia, ndani ya ukingo ulio mweusi zaidi. Taa ya nyuma inaendelea kuwaka, na nukta zinajaribu kuizuia lakini haziwezi kuizuia yote.

Mwambie aguse sehemu nyeusi ya picha kwenye kioo cha ile simu anayopigia, kabla ya kupiga. Akigusa ile nukta nyeupe, kamera itajibana kwa ajili ya ule weupe, na mwangaza hafifu wa TFT utapotea kwenye picha. Tofauti ya mguso mmoja inaweza kukufanya uone TFT ukadhani ni AMOLED.

Ukiwa bado na picha hiyo, angalia sehemu mbili. Ya kwanza ni chini, kwenye kidevu, ambako TFT nyingi zina mstari wa vitaa vyake. Mara nyingi utaona mwanga unaanzia pale na kupanda, umekolea chini na kufifia juu, wakati mwingine kama tochi ndogo zilizopangwa. Ya pili ni tundu la kamera ya mbele. A51 ina tundu dogo katikati juu. Ili taa ya nyuma isivuje kwenye tundu, mtengenezaji wa TFT anahitaji duara pana la weusi kulizunguka, na akibana sana, mwanga unavuja ukafanya pete. Tundu lenye duara nene jeusi au pete ya mwanga kwenye A51 ni TFT.

Ushahidi mwingine wa jambo hilihili hauhitaji hata giza. A51 inasoma alama ya kidole chini ya kioo. Unapoweka kidole, kioo kinawasha duara la mwanga, mwanga unagonga kidole na kurudi chini kupitia nafasi zilizo katikati ya nukta, ndipo kihisi kilichopo chini kinaisoma. Kwenye TFT, nyuma ya nukta kuna tabaka za taa na karatasi ya kurudishia mwanga, kwa hiyo kihisi hakioni chochote. Mwombe muuzaji video ya sekunde ishirini akisajili kidole kipya kwenye simu yenye kile kioo. Asajili kipya, siyo kutumia cha zamani, kwa sababu hata kioo halisi kikibadilishwa simu inaweza kukataa vidole vilivyosajiliwa kwenye kioo cha awali mpaka uvifute na kuvisajili upya.

Somo hilo la kidole nililipata kwa gharama. Miaka ya nyuma nilinunua vioo kadhaa vya A50 kwa picha, kwa muuzaji niliyekuwa nimemzoea. Picha zilikuwa safi, rangi zinapendeza, zote za dukani kwenye taa. Nilifunga cha kwanza kwa mteja aliyekuwa anafungua kila kitu kwa kidole, programu za benki zikiwemo. Alirudi jioni ileile. Nilirudisha hela yake, nikabaki na vioo ambavyo sikuweza kumfungia mtu bila kumwambia ukweli kwanza. Tangu hapo sinunui kioo cha simu yenye kidole cha ndani bila kuona kidole kikisajiliwa.

Sasa chukulia kioo kimepita mtihani wa giza. Unachojua ni kwamba si TFT. Bado kinaweza kuwa OLED ya kopi, na hapo giza halikusaidii tena, kwa sababu nukta zake nazo zinazima kabisa. Hata kidole kinaweza kusoma. Hapa ndipo rula ya shule inapoingia.

A51 ina upana wa milimita 73.6, na kioo chake ni inchi 6.5 kwa uwiano wa 20 kwa 9. Ukipiga hesabu, eneo linalowaka lina upana wa karibu milimita 68 na urefu wa karibu milimita 150. Kopi nyingi za OLED zinatumia paneli ndogo kidogo, halafu glasi inachapwa ukingo mweusi mpana zaidi ili kuficha nafasi iliyobaki. Macho hayashtuki kwa sababu huna nyingine ya kulinganisha nayo, lakini rula haidanganyiki.

Mwambie muuzaji awashe picha nyeupe tupu, alaze rula ya uwazi moja kwa moja juu ya glasi kwa upana, apige picha akiwa amesimama juu yake sawasawa, si kwa mshazari. Rula iguse glasi. Ikiwa juu kidogo ya glasi, vipimo vinapinda. Sentimita 6.8 ni sawa, 6.7 nitaivumilia kwa sababu ya pembe ya kamera. Nikiona 6.6 au chini yake, na hasa kama ukingo wa kushoto na wa kulia umenenepa, siendelei na mazungumzo. Kwa urefu, kidevu cha A51 halisi ni kipana kuliko kingo za pembeni, hilo ni la kawaida na lisikutishe. Kinachotisha ni kidevu kilichonenepa hadi eneo la picha linapungua urefu. Kwa hiyo pima urefu pia.

Nukta zenyewe nazo zina umbo linaloonekana. Kwenye AMOLED ya Samsung, nukta za kijani ni nyingi mara mbili ya nyekundu au za bluu, na zimejipanga kama almasi, kwa mshazari. Kwenye TFT ni vijistari vitatu vilivyosimama, chekundu, kijani, bluu, sawasawa kama vigae. Fundi yeyote mwenye hadubini ya kuchomea atakuonyesha hilo kwa nusu dakika. Bila hadubini, weka tone dogo sana la maji kwenye lenzi ya kamera ya simu iliyolala kifudifudi, igeuze simu hiyo taratibu, uisogeze karibu na kioo kilichowaka nyeupe. Mara nyingine inatoka vizuri, mara nyingine inabaki ukungu. Kwa muuzaji wa mbali sikushauri uombe hili, ni la kufanya kioo kikishafika mikononi mwako.

Flekisi ndiyo sehemu ambayo wauzaji wanaizungumzia sana na wanunuzi wanaisoma vibaya. Ni ule utepe mwembamba unaotoka chini ya kioo kwenda kwenye ubao wa simu. Kuna maandishi juu yake, na watu wamefundishana kutafuta `94V-0` kana kwamba ni muhuri wa uhalisi. Huo ni msimbo wa ubora wa kutowaka moto wa ile plastiki ya saketi. Unaukuta kwenye flekisi halisi, kwenye kopi, hata kwenye chaja ya bei rahisi. Uruke.

Maandishi yenye maana ni jina la paneli. Samsung Display inazipa paneli zake za simu majina yanayoanza na `AMS` au `AMB`, kisha tarakimu tatu ambazo ni ukubwa wa kioo kwa mia ya inchi, kisha herufi na tarakimu nyingine. Kwa mfano Galaxy S4 yenye kioo cha inchi 5 ilikuwa na paneli ya `AMS499`. Kwa hiyo ukiona `AMS` au `AMB` kwenye flekisi, soma tarakimu zinazofuata uone kama zinakaribia inchi 6.5 ya A51. Tarakimu za kioo cha inchi 5 na ushee kwenye A51 hazina maelezo yoyote mazuri.

Kopi kwa upande wake mara nyingi inajitaja yenyewe, kwa sababu kiwanda chake kinahitaji kuzitofautisha bidhaa zake na hakina sababu ya kujificha. Utaona jina la simu limeandikwa waziwazi, `A51` au `A515`, likifuatiwa na `TFT` au `INCELL`, toleo kama `V1.0`, na tarehe ndefu yenye mwaka, mwezi na siku, kwa wino mweupe mnene. Samsung haina haja ya kumwandikia fundi kwamba kioo hiki ni cha A51, ina nambari zake za ndani na msimbo mdogo wa miraba unaosomwa na mashine. Ndiyo maana muuzaji mjanja anaweka stika yake ya dhamana juu ya maandishi hayo hasa. Stika ikiwa juu ya flekisi, omba picha nyingine ikiwa imebanduliwa, na akikataa, chukulia hilo kama jibu.

Kuna kitu kingine kwenye flekisi ambacho stika haikifichi kirahisi. Ubao wa A51 umetengenezwa kulisha AMOLED. Hauna sehemu ya kuwasha taa ya nyuma, kwa sababu simu hii haikuwahi kuwa nayo. Anayetengeneza TFT ya kuingia humo analazimika kuubeba mtambo huo kwenye flekisi yake, kwa hiyo mara nyingi utaona koili ndogo nyeusi au ya kijivu, mraba mdogo mnene kuliko vyote vilivyo jirani, pamoja na chipu ya kupandisha umeme. Chipu peke yake isikushtue, hata flekisi halisi ina chipu na punje ndogo nyingi. Unachotafuta ni lile koili nene. Likiwepo, kuna taa ya kuwashwa, na penye taa ya kuwashwa hapana AMOLED.

Picha ya flekisi ipigwe kwa karibu, pande zote mbili, na itumwe kama faili. Kwenye WhatsApp mwambie achague Document badala ya kuituma kama picha ya kawaida, maana ikitumwa kawaida inabanwa na maandishi madogo yanageuka tope. Nambari ikisomeka nusunusu usijazie kwa kubahatisha, omba nyingine.

Hata hivyo, flekisi safi yenye `AMS` sahihi inathibitisha paneli tu. Haisemi neno lolote kuhusu glasi iliyo juu yake wala fremu iliyo chini yake. Kioo cha tatu kwenye orodha yangu, kilichobadilishwa glasi, kina flekisi halisi kabisa, ya Samsung, na kingepita kila mtihani niliokueleza mpaka hapa. Hiki ndicho kinachouzwa sana kwa bei ya katikati, na hapa kingo ndizo zinazosema.

Ili kubadilisha glasi, fundi anapasha kioo moto kwenye sahani maalumu, anapitisha waya mwembamba kati ya glasi na paneli, anasafisha gundi ya zamani, kisha anabandika glasi mpya kwa karatasi ya gundi ya uwazi na kuiingiza kwenye chungu cha mgandamizo kutoa mapovu. Ikifanywa vizuri ni kazi nzuri, mimi mwenyewe nimewafungia watu vioo vya namna hii nikiwaambia wazi ni nini. Ikifanywa haraka inaacha alama kwenye kingo. Mwombe muuzaji akisimamishe kioo karibu na dirisha, picha ipigwe kwa mshazari mkali ili mwanga uteleze juu ya glasi. Tafuta vipovu vidogo kama punje za chumvi milimita moja au mbili kutoka ukingoni, uzi wa gundi unaong'aa kati ya glasi na fremu, chembe ya vumbi iliyonaswa ndani, au mstari mweusi wa ukingo ambao haulingani kushoto na kulia. Kwenye tundu la kamera, glasi mpya isiyokaa sawa inaonyesha duara mbili zisizo na kitovu kimoja, kama mwezi uliomegwa upande.

Fremu nayo isomwe pembeni. Fremu ya sevisi paki imetoka kwenye kalibu safi: wavu wa spika ya sikioni upo mahali pake, matundu ya skrubu yana nyuzi safi, gundi imewekwa na mashine kwa unene uleule kuzunguka pande zote. Fremu ya kopi ina ndevu za plastiki kwenye pembe, wavu mara nyingi haupo, na ukiigusa ukingo kwa ukucha, glasi inapanda juu ya fremu badala ya kulala nayo sawa. Hili la kupanda linatokea sana kwa TFT, kwa sababu tabaka za taa zinaongeza unene. Kwenye picha lionyeshwe hivi: simu ilale mezani, kamera ishuke usawa wa meza, taa iwe upande wa pili. Utaona kama glasi imesimama kama kingo ya bakuli au imelala.

Kioo kilichovuliwa kina alama nyingine ambayo glasi mpya haiwezi kuifuta, nayo ni uchovu wa nukta. Sehemu ya kibodi na mstari wa saa juu zinawaka zaidi kuliko sehemu nyingine, na nukta za bluu ndizo zinazochoka mapema. Kwenye simu ya Samsung piga

```
*#0*#
```

na menyu ya majaribio itafunguka yenye vitufe vya nyekundu, kijani na bluu. Picha ya kila rangi ikijaza kioo, mwanga wa simu ukiwa wa kati, inatosha. Ukiona kivuli cha kibodi sehemu ya chini, kioo hicho kimeishi kwenye simu ya mtu. Kama picha zina mistari myeusi ya kulala inayohama, usikiite kibovu. AMOLED inapunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima zaidi ya mara 200 kwa sekunde, na kamera inaunasa mchezo huo.

Sasa picha zako, dada.

Ya 65,000. Hana picha ya gizani, lakini kwenye ile ya tatu aliyokutumia, yenye kioo kilichofunguliwa mandhari nyeusi, ukivuta kwenye tundu la kamera kuna duara nene jeusi na upande wa kulia linang'aa kidogo. Flekisi inaonekana nusu, ina stika nyekundu ya duka, na pembeni mwa stika unatokeza mraba mnene wa kijivu. Hiyo ni TFT. Kidole chako hakitafanya kazi, na betri itaisha haraka zaidi ukitumia simu kwenye mandhari nyeusi, kwani taa ya nyuma haijali kama picha ni nyeusi. Si lazima ukikatae, ila kijue kwa jina lake. Kama hela ndiyo iliyopo na unafungua simu kwa namba ya siri, mwambie unajua ni TFT na mzungumze bei ya TFT.

Ya 110,000. Huyu amekutumia picha nzuri ya flekisi, jina la paneli linasomeka na linaanza na `AMS`, na picha yake ya giza haina mpaka wowote. Paneli ni ya Samsung, sina shaka. Lakini angalia picha ya mshazari, pembe ya juu kushoto: vipovu vitatu vidogo, na uzi wa gundi unaong'aa karibu na wavu wa spika. Glasi imebadilishwa. Anaposema "original" hajasema uongo wote, ameacha nusu ya maneno. Mwombe picha ya bluu kwa ile `*#0*#`. Ikiwa haina kivuli cha kibodi na akakubali kwa maandishi kwamba ni kilichobadilishwa glasi na ana dhamana ya mwezi, kwa bei hiyo mimi ningekichukua kwa ajili ya simu yangu, nikishusha kidogo.

Ya 175,000. Amekutumia boksi lenye lebo ya nambari inayoanza na `GH82`, ambayo ndiyo namna ya nambari za vipuri vya Samsung. Inapendeza, lakini boksi linaweza kutumika tena na lebo inachapwa popote. Picha mbili za ndani ya boksi ni za kioo kimoja, ya tatu siyo: mkunjo wa flekisi ni tofauti na wavu wa spika umetoweka. Moja imetoka kwingine. Usimtuhumu, mwombe tu picha mpya ya kioo kilekile kikiwa na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo pembeni, flekisi ikiwa juu, halafu picha ya rula. Ingiza pia ile nambari ya lebo kwenye mtandao, uone kama inarudi na A51 au simu nyingine. Mwenye sevisi paki kweli anafanya hayo kwa dakika tano, maana bidhaa iko mezani kwake.

Kioo kikifika Morogoro, usikubali fundi akibandike siku hiyohiyo kwa haraka. Akiunganishe kwanza kwenye simu kikiwa hakijabandikwa, karatasi ya juu ya kinga ikiwa haijabanduliwa hata pembe moja, maana ikishabanduliwa muuzaji hapokei tena. Kizime chumba, fungua picha yako nyeusi yenye nukta. Laza rula juu ya nyeupe, hata kwa juu ya karatasi ya kinga inasomeka. Sajili kidole, ikiwa fundi amehamishia kihisi chako kwenye fremu mpya, na kama bado hajahamisha, muulize kabla hujasema kioo kibovu. Piga picha ya flekisi na uiweke pembeni ya ile uliyotumiwa. Linganisha msimbo wa miraba na nambari iliyo chini yake herufi kwa herufi. Zikipishana, kilichofika sicho ulichoonyeshwa, na hapo ndipo unapompigia muuzaji kabla gundi haijafunguliwa.